Utafiti wa Presha na Sukari kwa Watu Wazima: Karatasi ya Maelezo kwa Mshiriki
(Toleo la 2, lililoandikwa upya kwa lugha ya kawaida)

Kwa mhoji. Toleo la 1 lisitumike tena. Lilisema mshiriki "anaridhia kwa hiari taratibu zote za ukusanyaji wa sampuli", na wengi walitia sahihi bila kujua kwamba watachomwa kidole. Soma karatasi hii yote kwa sauti, polepole, hata kama mwenzako anajua kusoma. Mwachie nakala. Usianze kupima wala kuuliza chochote kabla hajajibu maswali ya mwisho.

Ndugu mshiriki,

Tunakuomba ushiriki katika utafiti. Unaweza kukubali, kukataa, au kuomba muda wa kufikiri na kuzungumza na watu wako. Ukihitaji muda, tutarudi siku utakayotuambia.

Sisi ni nani na tunatafuta nini

Sisi ni watafiti wa afya ya jamii kutoka chuo kikuu. Tunataka kujua ni watu wazima wangapi katika eneo hili wana presha ya juu au sukari nyingi kwenye damu, na wangapi kati yao hawajijui. Fedha za kazi hii zimetoka chuoni. Hakuna kampuni ya dawa iliyochangia, na hatuuzi kitu.

Huu ni utafiti, si matibabu. Hatutoi dawa, na vipimo vyetu havichukui nafasi ya kumwona daktari.

Kwa nini wewe

Tuliandika namba za nyumba zote za eneo hili, tukachota baadhi bila kuchagua. Katika kila nyumba tukachota tena jina la mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Hukuchaguliwa kwa sababu unaonekana mgonjwa, wala hakuna aliyekutaja. Jumla tutawaomba watu 600.

Kiongozi wa eneo anajua tupo hapa, lakini hana uwezo wa kukubali kwa niaba yako. Mume, mke, mzazi au mwenye nyumba hana uwezo huo pia. Hatutamwambia yeyote kati yao kama umekubali au umekataa.

Ukikubali, tutafanya nini

Yote yatachukua kama dakika 50, leo tu.

Kwanza tutakuuliza maswali kwa dakika 25 hivi: umri, kazi, chakula, pombe, tumbaku, magonjwa uliyowahi kuambiwa unayo na dawa unazotumia. Swali usilolitaka, sema "ruka". Hatutauliza sababu.

Kisha tutapima presha. Utakaa umeegemea kiti, miguu chini bila kuikunja, kwa dakika 5 bila kuzungumza. Tutafunga kitambaa cha mashine juu ya kiwiko. Kitajaa upepo na kubana mkono kwa sekunde chache. Tutapima mara 3, tukipumzika kidogo katikati, kwa sababu kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu kwa wasiwasi tu. Tutatumia wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Ikiwa umevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, au umebanwa na haja ndogo, tuambie, maana hayo yote hupandisha presha. Tuambie pia kama mkono mmoja umevimba au umefanyiwa upasuaji, ili tutumie mwingine.

Mwisho tutapima sukari. Hapa tutakuchoma kidole na kutoa damu. Tunatumia kisindano kipya ambacho kinafunguliwa mbele yako na kutupwa mara moja baada ya kazi. Tunachukua tone moja, dogo kama punje ya mtama, na kuliweka kwenye kijikaratasi cha mashine. Majibu hutoka ndani ya dakika moja. Kijikaratasi hicho kinatupwa palepale. Hatuhifadhi damu yako, hatuipeleki popote, na hatupimi kitu kingine chochote ndani yake, ikiwemo Virusi vya Ukimwi.

Unaweza kukubali maswali na presha, ukakataa kuchomwa kidole. Bado utakuwa mshiriki kamili.

Nini kinaweza kukusumbua

Kidole kitauma kidogo na kinaweza kubaki na alama kwa siku moja au mbili. Mara chache sana kidonda huingia vijidudu. Ndiyo maana tunasafisha ngozi kwanza. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au damu yako huchelewa kukata, tuambie kabla. Kitambaa cha presha kinaweza kuacha wekundu kwenye mkono. Ukiumia kwa sababu ya vipimo vyetu, tutalipia matibabu yako.

Majibu yenyewe yanaweza kukutia hofu. Unaweza kusema hutaki kuyajua, isipokuwa jambo moja tunalokuomba ulielewe sasa: presha ikifika 180 kwa 120 au zaidi, tutakuambia na kukuomba uende hospitali siku hiyo hiyo. Kama hukubaliani na hilo, ni bora usipimwe presha.

Utapata nini

Hatulipi fedha wala kutoa zawadi. Utapewa majibu yako yameandikwa. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, au sukari 11.1 au zaidi, tutakupa barua ya kwenda kituo cha afya ukapimwe tena. Gharama za huko hatulipi.

Nani ataona majibu yako

Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta kwa namba, si kwa jina. Orodha inayounganisha jina na namba inafungiwa kabatini, na watu wawili tu wa utafiti huu wana ufunguo. Baada ya miezi 6 itachomwa. Majibu yasiyo na majina yatatunzwa miaka 5. Kamati ya maadili ya utafiti, iliyoruhusu kazi hii, inaweza kukagua kumbukumbu zetu.

Hatuwezi kuahidi kwamba hakuna atakayesikia tukizungumza. Chagua mahali unapojisikia huru. Tukiona watu wanakaribia, tutanyamaza. Na ukituambia kwamba maisha ya mtu yako hatarini, huenda tukalazimika kutafuta msaada. Tutakuambia kabla ya kufanya hivyo.

Ukibadili mawazo

Unaweza kusimamisha wakati wowote, hata katikati ya swali. Kukataa au kuacha hakutapunguza huduma unayopata kituo cha afya. Ukitaka tufute majibu yako, tupigie kabla ya miezi 6 kuisha. Orodha ikishachomwa, hatutaweza kujua yapi ni yako.

Kadi ya njano unayopewa ina simu ya mtafiti mkuu na simu ya kamati ya maadili. Kamati haifanyi kazi chini yetu. Wapigie hao ukiwa na malalamiko juu yetu.

Kabla ya kujibu

Tueleze kwa maneno yako: tutafanya nini na kidole chako? Nini kitatokea ukikataa? Je, haya ni matibabu? Jibu lisipolingana na tulichosema, kosa ni la maelezo yetu, nasi tutaeleza upya.

Majibu yako (mhoji azungushie kila jibu peke yake)

Nakubali kuulizwa maswali: Ndiyo / Hapana
Nakubali kupimwa presha: Ndiyo / Hapana
Nakubali kuchomwa kidole kupima sukari: Ndiyo / Hapana
Nataka kuambiwa majibu yangu: Ndiyo / Hapana
Watafiti wengine wanaweza kutumia majibu yangu yasiyo na jina: Ndiyo / Hapana

Tia sahihi au dole gumba chini ya majibu haya, pamoja na tarehe. Asiyesoma achague shahidi wake mwenyewe, asiye mtu wa utafiti, asikilize tangu mwanzo na atie sahihi pia. Sahihi yako haikuondolei haki yoyote ya kisheria.