Kumbukumbu za uchunguzi wa mtoto: Atupele, darasa la awali, muhula wa pili

Umri: miaka 4 na miezi 8. Anaishi na bibi yake, Tukuyu. Nyumbani wanazungumza Kinyakyusa. Nakala apewe bibi.

14 Julai, asubuhi ya baridi na ukungu
Kavua sweta mwenyewe. Vifungo anavifungua vyote. Kuvifunga ndiko kunakomshinda. Anasukuma kifungo hadi nusu ya tundu, kisha anakivuta kwa mkono uleule badala ya kukipokea kwa mkono wa pili. Nilijizuia kumsaidia. Cha chini kabisa alikifunga, cha shingoni akaja nacho kwangu: "Mwalimu, hiki sikioni."

Kwenye ungo wa kuchambulia alitenga maharage na mahindi, akiokota punje mojamoja kwa kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akizoa kwa kiganja.

22 Julai
Penseli anaanza kuishika kwa vidole vitatu. Akichoka anarudia ngumi. Kanakili duara na msalaba vizuri. Mraba wake una pembe mbili kamili, nyingine zimeviringika. Kwa umri huu sioni la kutia hofu. Nitampa vipande vifupi vya chaki, maana kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

12 Agosti
Kwenye mduara wa hadithi hakusema neno. Nusu saa baadaye, akifinyanga udongo, alimwambia mwenzake: "Tulienda Nane Nane na bibi. Ng'ombe alikuwa mkubwa, pua yake ina maji. Nikamwogopa, halafu nikamshika."

Haya ni masimulizi kamili: matukio yamefuatana, na hisia zake zimo. Nilishawahi kuliona hili kwenye ungo pia: mikono ikiwa na kazi, maneno yanamtoka. Yeyote atakayempima lugha kwa kumsimamisha mbele ya wenzake atamwandikia alama isiyo yake.

Anasema "kalatasi" na "lafiki". Watoto wengi wa umri wake bado hawajaipata sauti ya r, na Kinyakyusa chenyewe hutumia l. Simkatizi, nalirudia neno kwa usahihi ndani ya jibu langu. Akikosa neno la Kiswahili anaweka la nyumbani, na ninalihesabu kuwa msamiati wake.

27 Agosti
Mtoto mgeni alikuwa analia mlangoni. Atupele alimega udongo wake, akamwekea mkononi, akakaa kando yake. Mgeni hakusema kitu, Atupele akasema kwa niaba yake: "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Baadaye waligombea kidumu cha maji. Alikivuta, akanitazama, kisha akasema, "Wewe kwanza, halafu mimi." Zamani angeondoka kimya.

Kwa bibi
Shikamoo bibi. Naomba Atupele akusaidie kuchambua maharage na kumenya ndizi zilizochemshwa, na wakati huo umuulize habari za shuleni kwa Kinyakyusa. Asubuhi mwachie vifungo viwili vya chini avifunge mwenyewe, hata akichelewa kidogo, nitampokea.

Kwangu, Septemba: masimulizi yake niyasikilize kwenye meza ya udongo. Mkasi wa ncha butu, kukata mstari ulionyooka. Mraba tena.