Yah: Kurukwa kwa sehemu ya 9 ya mchezo wa redio wa Jumapili usiku

Kikuyu,
Dodoma.
18 Agosti 2025

Mhariri wa Vipindi,
Ofisi ya Kanda ya Kati,
Dodoma.

Ndugu Mhariri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msikilizaji wenu wa siku nyingi na mwalimu mstaafu. Mlipotangaza kwamba mnarudia ule mchezo wa ukoo wa Kigogo tangu mwanzo, niliwaarifu ndugu na majirani, na nikampigia simu mama yangu kule Mvumi asipitwe. Jumapili ya tarehe 3 mlitupa sehemu ya 8. Jumapili iliyofuata mtangazaji akasema, bila maelezo yoyote, “karibuni katika sehemu ya kumi.” Jana ikaja ya 11. Ya 9 imekwenda wapi?

Wiki ile ilikuwa ya Nane Nane, nikadhani mmepisha matangazo ya Nzuguni. Lakini saa mbili usiku mchezo ulikuwa hewani kama kawaida. Niliwatumia ujumbe kwa simu, nikajibiwa kuwa “ratiba ndivyo ilivyo.” Ndugu Mhariri, hilo si jibu.

Sehemu ya 9 ndiyo ya Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu nilivyofundishia darasani vilieleza vita hiyo kwa majina ya makamanda. Mchezo wenu ulieleza yaliyoupata ukoo mmoja ndani ya tembe: Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakahitaji vivyo hivyo, kisha mvua ikakata. Huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, wa Desemba hadi Aprili. Ukikuta ghala tupu na zizi tupu, hakuna pa kushika. Sijasikia kipindi kingine cha redio kilichosema wazi kwamba njaa ile haikuletwa na jua peke yake.

Halafu kuna pale ng'ombe wanaposwagwa. Hakuna anayesema neno. Tunasikia kengele za shingoni, nyingi, zikipita karibu kabisa na sisi, kisha zikipungua, mpaka inabaki moja kwa mbali. Ndipo babu anasema, “Fungeni lango,” na mtoto anauliza, “Tunafungia nini, babu?” Aliyetengeneza sauti zile anajua kazi yake, na ninaomba salamu zangu zimfikie. Mama yangu alizaliwa miaka mingi baada ya Mtunya, lakini alilelewa na waliookoka. Kipande hicho hakukisikia mara ya kwanza kwa sababu redio yake ilikuwa mbovu. Safari hii alikaa akisubiri.

Hata kwa asiyejali historia, hadithi imekatika. Sehemu ya 8 inaishia wanajeshi wakiwa wamefika kijijini. Ya 10 inaanza msichana yuko kwa watu baki, anaitwa jina jingine, na anakataa kuzungumza na kaka yake. Mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza anausikiliza mchezo huu, aliniuliza huyu kaka kamkosea nini. Hajamkosea. Alimweka kwa watu wale ili apewe debe la mtama la kuwalisha wadogo zao, na yote hayo yamo katika sehemu ya 9.

Naomba mniambie sababu yenyewe. Kama kanda imepotea au imeharibika, semeni hewani. Wapo wasikilizaji waliorekodi, na mimi mwenyewe ninayo nusu ya pili kwenye simu, nitawaletea. Kama ni haki za zile nyimbo za zeze, waelezeni wasikilizaji kwamba mnazifuatilia. Kama ni urefu, maana sehemu ile ilizidi nusu saa, igaweni mara mbili. Na kama kuna mtu aliyelalamika kwamba inahuzunisha, basi mpimieni maneno yake pamoja na ya kwetu sisi ambao habari hii ni ya bibi zetu.

Ombi langu ni kwamba sehemu ya 9 irushwe Jumapili ya tarehe 24, kabla ya ya 12, na itangazwe mapema katika wiki ili watu wa vijijini wajue. Mama atakuwa Mvumi bado. Baada ya hapo anakwenda Mpwapwa kwa dada yangu, na huko masafa yenu hayashiki vizuri.

Nitapita mapokezi ya ofisi yenu Ijumaa asubuhi kuchukua jibu, na nitakuja na simu yenye ile nusu niliyorekodi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Neema
Msikilizaji, Kikuyu