Daftari la Vihatarishi: Msimu wa Kahawa, Chama cha Msingi cha Ushirika, Moshi Vijijini

Kila kihatarishi kimepewa alama ya uwezekano na ya athari, kuanzia 1 hadi 5, kisha alama hizo zikazidishwa. Mmiliki ni mwenye cheo mmoja anayewajibika mbele ya bodi ya chama. Neno “uongozi” halikubaliki katika nafasi hiyo.

K-01. Kahawa kuingia ghalani ikiwa na unyevu (4 × 5 = 20)

Chanzo: Mvua za vuli huanza Oktoba, mavuno yakiwa bado yanaendelea, na kwa kuwa vichanja havitoshi siku za mavuno mengi, kahawa ya maganda hutandazwa kwa tabaka nene na kugeuzwa mara chache. Mvua yenyewe hatuwezi kuizuia; tunachoweza kurekebisha ni uhaba wa vichanja na usimamizi wake.

Athari: Unyevu ukibaki juu ya asilimia 12, kahawa huota ukungu, ladha yake huharibika na shehena hushuka daraja kabla ya kufika mnadani Moshi, hasara ambayo mwishowe humwangukia mkulima aliyeleta kahawa safi.

Mmiliki: Msimamizi wa ubora.

Hatua: Kupunguza. Vichanja sita vitaongezwa kabla ya Septemba kwisha, na kila kichanja kitakuwa na turubai lake. Hakuna gunia litakaloingia ghalani bila kipimo cha unyevu kuandikwa kwenye kadi yake na kutiwa saini. Vichanja vikijaa robo tatu, msimamizi atakodi vya chama jirani siku hiyohiyo, kwa sababu kusimamisha upokeaji kungeacha kahawa mbivu ilale bila kumenywa na kuanza kuchacha ndani ya magunia ya wakulima.

K-02. Maji ya kumenyea kupungua (3 × 4 = 12)

Chanzo: Kiwanda kinategemea mfereji unaotumika pia kumwagilia migomba na mboga, na maji yake hupungua wakati wa kiangazi.

Athari: Kahawa hukaa kwenye matangi ya kuchachushia kupita muda wake, ikapata harufu mbaya isiyotoka hata ikikaushwa vizuri.

Mmiliki: Fundi mkuu wa kiwanda.

Hatua: Kupunguza, kwa kuzungusha tena maji ya kumenyea na kukubaliana kwa maandishi na kamati ya mfereji kuhusu zamu ya usiku.

K-03. Wanachama kuuza kwa walanguzi (4 × 4 = 16)

Chanzo: Malipo ya pili huchelewa baada ya mnada, ilhali ada za shule za Januari hazisubiri.

Athari: Kiwanda hupokea kahawa kidogo, na gharama ya uendeshaji kwa kila kilo hupanda kwa wanaobaki.

Mmiliki: Mhasibu.

Hatua: Kupunguza. Hesabu ya kila mnada itabandikwa ofisini ndani ya siku saba, hata kama fedha hazijaingia. Mlanguzi hushinda pale mkulima asipojua kahawa yake imefikia wapi.

K-04. Chulebuni kwenye mibuni ya zamani (3 × 3 = 9)

Chanzo: Mibuni mingi si ya aina zinazostahimili ugonjwa huu, nao hushamiri wakati wa baridi na unyevu.

Athari: Matunda machanga huoza na kupukutika.

Mmiliki: Katibu meneja.

Hatua: Kukubali kwa msimu huu, kwa kuwa miche mipya huchukua miaka kadhaa kuzaa. Oda ya miche ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI Lyamungo, itawasilishwa kwenye kikao cha bodi cha Novemba.