Vyakula vya Sikukuu Jikoni Kwetu, Mikindani: 24 Desemba hadi 2 Januari

Karibuni wenyeji, karibuni na mliorudi nyumbani kula sikukuu. Vyakula hivi vinapikwa siku hizi kumi tu, saa 6 mchana hadi saa 3 usiku. Uzito ulioandikwa ni wa chakula kilichoiva, isipokuwa pale tuliposema "kibichi". Mizani iko kaunta. Mwenye shaka aombe apimiwe.

Changu wa kupaka, 15,000/=
Changu mzima, kichwa na mkia, gramu 400 hadi 450 akiwa mbichi, kabla ya kuparwa magamba. Anachanjwa, analala saa moja kwenye ndimu, saumu na tangawizi, kisha anabanikwa kwa mkaa huku akipakwa tui zito lenye bizari na pilipili mbuzi, mpaka ligande na kuungua kidogo pembeni. Ni samaki wa mtu mmoja: ukitoa kichwa na miba, unabaki na karibu nusu ya uzito huo. Anakuja na wali wa nazi au ugali wa muhogo. Subira ni dakika 35. Akitolewa mapema, nyama ya karibu na mwiba inakuwa haijaiva.

Kolekole wa chukuchuku, 10,000/=
Kipande kimoja cha gramu 250, kibichi, chenye mfupa wa katikati. Mchuzi mwepesi wa nyanya, ndimu na pilipili. Miba midogo ni michache, watoto wanaweza kula mkiwaangalia.

Pweza wa nazi, 12,000/=
Gramu 180. Msione kidogo: pweza akichemka hunywea hadi karibu nusu, kwa hiyo sahani yako ilianza na gramu 350 hivi. Anaiva kwa maji yake mwenyewe hadi minyiri inakatika kwa kijiko, ndipo tui linaingia mwishoni, moto mdogo, lisikatike.
Pweza wetu anatoka mwambani wakati wa bamvu. Yakiwa maji mafu hatuna, na hatuweki wa barafu. Siku hizo tunapika ngisi wa nazi, gramu 180 vilevile, 10,000/=.

Pilau ya ng'ombe, 8,000/=
Wali gramu 450, nyama vipande vitatu (kimoja kina mfupa), nusu kiazi, kachumbari. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Ule ukahawia ni wa kitunguu kilichokaangwa hadi kikakauka, hatutii rangi. Nyongeza ya wali 1,500/=, nyongeza ya nyama vipande viwili 3,000/=.

Kuku wa korosho, 13,000/=
Korosho za msimu huu, zimekaangwa kavu, zikasagwa na kuwa rojo zito linaloshika kidole. Kila sahani ina gramu 40 za korosho. Za kusaga ni zilizovunjika, maana ladha ni ileile na bei ni nafuu. Nzima ni zile tano za juu. Kuku ni robo ya kuku wa kienyeji. Hana minofu kama wa kisasa na anataka meno, ila mchuzi wake hauna mpinzani. Chagua paja au kidari mapema, mapaja huisha kwanza.
Mwenye mzio wa korosho asile kwetu sikukuu hii: mashine inayosaga korosho ndiyo inayosaga saumu na tangawizi za jiko zima.

Kisamvu cha nazi, bakuli 3,000/=
Cha kutwangwa kwenye kinu, kipo motoni tangu asubuhi. Bakuli moja ni kitoweo cha mtu mmoja au mboga ya pembeni kwa watatu.

Sinia ya ukoo, 65,000/=
Pilau kilo 2 na robo, kuku mzima wa korosho (vipande 8), kisamvu bakuli mbili, kachumbari, ndizi mbivu tano. Inatosha watu wazima watano wenye njaa ya kawaida. Wakiwa wametoka kuvuta juya, ihesabuni kuwa ya watatu. Iagizwe siku moja kabla, mwisho saa 10 jioni, kwa malipo ya nusu.

Juisi ya mabibo, glasi ya mililita 300, 1,500/=
Inakamuliwa asubuhi na kuchujwa mara mbili, lakini ukakasi kidogo unabaki, ndiyo tabia ya bibo. Hailali hadi kesho, maana ikilala inaanza kuwa uraka, na hapa hatuuzi uraka. Ikimwagika kwenye kanzu au gauni jeupe, doa halitoki.

Kaimati, sita kwa 2,000/=
Kuanzia saa 10 jioni tu, zikiwa moto.

Kufungiwa chakula ni 500/= kwa kila kifungashio. Changu wa kupaka hatumfungi: ndani ya mfuko ule ukavu wa moto unageuka majimaji. Njoo umlie hapa.