Mwaliko wa Kikao cha Upatanishi Kuhusu Mpaka wa Viwanja, Kayole

Kwa wamiliki wa viwanja viwili vinavyopakana,

Waheshimiwa,

Nawaalika nyote wawili, kwa barua hii moja yenye maneno yale yale kwa kila upande, katika kikao cha upatanishi Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kijamii wa mtaa. Suala ni ukanda wa ardhi wa takriban mita moja kando ya ukuta wa mawe, ambao kila mmoja wenu anasema umo ndani ya kiwanja chake. Kuuita hapa “ukanda” hakumaanishi kwamba nimeshaamua ni wa nani.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinahimiza upatanishi. Hata hivyo, kuhudhuria ni kwa hiari, mimi sitoi hukumu, na haki ya kwenda mahakamani inabaki palepale. Yatakayosemwa yatakuwa siri, isipokuwa makubaliano mtakayotia sahihi.

Tafadhali njooni na hatimiliki na ramani ya upimaji. Ada mtagawana nusu kwa nusu baina yenu. Naomba majibu kwa maandishi kufikia tarehe 6 Machi.

Wenu,
Mpatanishi