Mama Njeri, nimeona simu zako tatu

Mama Njeri wangu, habari za jioni? Wazima nyote huko Nakuru? Baba Njeri anaendeleaje na ule mguu?

Nimeona simu zako tatu za saa tisa. Pole sana kwa kutoshika. Nilikuwa ufuoni hapa Dunga, omena ziko nje na mvua inashuka, mikono yote miwili imejaa samaki. Mimi mzima, watoto wazima, na mzigo wako wa Ijumaa upo. Nimekupigia saa tatu kasoro, uko mteja. Nikajua umeshalala, maana wewe saa kumi alfajiri uko njiani kwenda Wakulima. Ndiyo nikaona niandike ukute ukiamka.

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Kama uko mbio, ishia hapo unipigie. Hii nyingine soma ukipata nafasi, ukishapanga meza na wateja hawajaanza kuja. Ningekutumia sauti lakini ile simu yako ikijaa picha za vikundi inakataa kufungua, halafu unaniambia sikukujibu.

Kwanza nikwambie ukweli. Ya kwanza niliisikia. Simu ilikuwa kiunoni, nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni halafu nikaikaza na leso. Ikatetemeka nimeinama. Nikasema huyo ni Akinyi ananiuliza unga uko wapi, kila siku unga uko palepale na kila siku anauliza. Sikuangalia. Ningejua ni wewe ningeishika hata kwa meno. Zile mbili zingine wallahi sikuzisikia, na wewe mwenyewe ungekuwa hapo usingesikia.

Unajua wiki jana tulikuwa tumekaa tu. Mwezi ulikuwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti kitu, mashua zinarudi asubuhi na omena za kujaza karai moja. Giza limerudi juzi, na leo alfajiri zikaja za maana, zile nyeupe zinazong'aa, hazijapondeka. Kila mama akanunua alichoweza. Kufika saa mbili ufuo mzima ulikuwa neti, huna pa kukanyaga. Mimi niliweka debe 6. Pesa yote ya wiki iko pale chini inaangalia jua.

Na jua lilikuwa zuri! Saa sita nimezigeuza, saa nane nikachukua moja nikaivunja, ikalia kwa kukatika, ile sauti unayoipenda. Nikamwambia jirani yangu bado saa moja tu tupakie. Sijui kwa nini nilifungua mdomo.

Upepo wa ziwa ukakatika. Hivi, kama mtu amefunga mlango. Wewe uko juu huko kwenye baridi hamjui hii, lakini hapa mchana kutwa upepo unatoka majini kuja kwetu, na ukiona umenyamaza ghafla, halafu unasikia ubaridi mgongoni unatoka upande wa Nandi, wacha kila kitu. Nikageuka nikaona milima haionekani tena, kuna ukuta mweusi tu. Hapo huna hata dakika 15.

Sasa kuanua omena si kama kuanua nguo. Huwezi kuvuta neti ikaja yote, zinamwagika mchangani, na omena yenye mchanga nani ataila? Wewe mwenyewe unakumbuka lile gunia uliloletewa na yule wa zamani kabla hatujajuana, juu safi, chini mchanga mtupu, ukarudishiwa na wateja mpaka ukalia. Lazima watu wawili washike neti pembe nne, waikunje katikati, wamimine kwenye karai, karai ndani ya gunia. Neti moja baada ya nyingine. Mimi na yule nyanya anayeuza kuni tukawa tunakimbia, yeye miaka yake hiyo na bado ananiambia haraka. Simu yako ya pili nadhani ndiyo ilikuwa wakati huo.

Ya tatu nilikuwa chini ya turubai. Mvua imeshamwagika, upepo unataka kuondoka na turubai letu, tumeketi juu ya pembe zake wanawake watano, magunia katikati yetu kama mtoto mchanga. Na radi. Radi ya hapa si ya kusikia mbali, inapasuka juu ya kichwa mpaka meno yanagongana. Ikianza, hakuna mtu ufuoni anashika simu. Kama kweli simu inaita radi au ni maneno ya watu mimi sijui, lakini sitakuwa mimi wa kujaribu.

Nimeokoa debe 5. Moja ilinyeshewa, ile ya mwisho karibu na maji. Nimemuuzia mtu wa chakula cha kuku jioni hiyohiyo, kwa bei ya kunitukana, lakini ukilaza omena mbichi yenye maji ya mvua asubuhi imeshageuka nyekundu na harufu yake inafukuza hata paka. Bora hiyo kidogo.

Sasa mzigo wako. Uliagiza gunia 2. Moja niliifunga jana, kavu kabisa, iko ndani ya nyumba juu ya mbao, hata tone halijaifikia. Ya pili ilikuwa itoke kwa hizi za leo. Hizi debe 5 zimekauka lakini si kukauka kwako, bado zinahitaji jua la nusu siku. Kesho Jumatano nitazirudisha nje mapema. Jua likikubali, Alhamisi jioni napeleka zote 2 stejini, na Ijumaa kabla ya saa nne uko nazo kama kawaida, yule dereva wa siku zote amesema atakuwa zamu. Jua likikataa, nitatuma moja na nusu iliyokauka. Sitajaza na za mashaka ili gunia lionekane limetuna. Afadhali unitukane kwa upungufu kuliko utukanwe na wateja wako kwa uvundo.

Na ile elfu mbili na mia tano iliyobaki, kama ndiyo ilikuwa inakupigisha simu, tafadhali usikose usingizi. Najua ni mwezi wa karo. Tutamalizia kwa mzigo wa wiki ijayo. Mimi pia nimewahi kukaa na pesa yako miezi miwili na hukunipigia hata siku moja, unafikiri nimesahau?

Lakini nikwambie kilichonitia wasiwasi. Wewe hupigi mchana. Mchana uko na wateja, mimi niko na samaki, sisi simu yetu ni ya usiku baada ya kula. Sasa nimetoka chini ya turubai, nimekamua leso, nimefungua ule mfuko, naona jina lako mara tatu ndani ya dakika 20. Moyo ukafanya paa. Nikasema hapo kuna jambo. Kredo sina, na yule wa kuuza kredo amefunga kibanda kwa sababu ya mvua. Nikaingia kwa njia, boda zote zimejificha, maji ya Nyalenda unayajua, yakishajaa mtaro yanachukua barabara. Nimetembea mpaka nyumbani na viatu mkononi. Akinyi ndiye aliyekuwa na kredo, nikamnyang'anya simu, nikakupigia, mteja. Nikangoja kidogo, nikapiga tena, mteja.

Nikaona nimpigie Njeri kule Maseno, labda ni yeye. Usishtuke, Njeri mzima. Amecheka akasema mama yake alimpigia asubuhi na hakuna kitu. Yuko na mtihani Alhamisi, amekula, amesema mvua haijafika kwao. Sikumwambia kwamba nina wasiwasi, nilimwambia nampigia kumsalimia tu. Kwa hivyo ukiongea naye usianze kwa kumuuliza Mama Akinyi alitaka nini, utamtia hofu bure na kesho kutwa ana karatasi.

Basi kama si Njeri na si pesa, nimebaki na Baba Njeri. Mara ya mwisho ulisema mguu umevimba na anakataa kurudi kliniki kwa sababu foleni ni ndefu. Kama ni huyo, Mama Njeri, usijifanye shujaa peke yako. Niambie tu. Ijumaa hiyo naweza kupanda gari pamoja na magunia, ni saa nne au tano tu mpaka huko kama Mau Summit hakuna msongamano. Nitakushikia meza sokoni siku mbili ukimpeleka. Najua kuuza omena, sijui tu kuongea na hao wateja wako wa Kikuyu, lakini pesa tutaelewana.

Na kama ulipiga ili kuniuliza tu kwa nini sijakusalimia tangu Jumapili, basi nimekosa, nimekiri, na umenitoa roho bure!

Simu nimeitoa kwenye mtetemo, nimeweka mlio juu kabisa, iko hapa chini ya mto. Nimekopa kredo kidogo. Ukiamka hiyo saa kumi, kabla hata hujavaa gambuti, piga. Usiseme "nitamwacha alale." Mimi mwenyewe saa kumi na moja niko ufuoni kungoja mashua. Kama huna kredo niflashi mara moja tu, nitakurudia hapohapo.

Lala salama, dada yangu. Msalimie Baba Njeri, mwambie Mama Akinyi anamuuliza kuhusu kliniki.

Karibu nisahau. Njeri ameniomba nikwambie umtumie viazi, zile za Molo, kwa hilo gari litakaloleta gunia tupu. Anasema za huko aliko zikikaangwa zinageuka uji. Tuma hata ndoo moja, mimi nitampelekea Jumamosi, na nitazihesabu mbele yake ili usiseme nimezipunguza.