Ripoti ya ghala wiki ya 3, naomba unieleze ulivyoiandaa

Baraka mdogo wangu, habari za leo, na poleni na pilikapilika za huko ghalani, nimesikia jana malori yameshusha mpaka usiku na ile mvua ya jioni ikawakuta mlangoni. Ripoti ya wiki ya 3 nimeipata, nimeisoma yote na nikairudia tena leo asubuhi. Ile sehemu ya gunia 12 zenye ukungu ulizozitenga pembeni ukazipiga na picha, aisee pale umefanya kazi, mkaguzi akija sina cha kuongeza.

Sasa kuna vitu viwili naomba unieleze ulivyoviandaa kabla sijaipeleka chama kikuu Alhamisi, maana mimi ndo nitakaa pale niulizwe, na kuna sehemu bila wewe siwezi kujibu.

Kubwa ni safu ya unyevu. Vyama vya msingi 16 vimeleta mzigo na nane vinasoma 9.0 kamili, mstari wa 9 mpaka wa 16, mfululizo. Inawezekana kabisa, jua lilikuwa kali wiki ile na watu walianika, ila wiki mbili za mwanzo namba zilikuwa zinapishana, huyu 8.4 huyu 9.3 mwingine 9.7, ndo nikataka kujua hizi zimepatikanaje. Mlipima hapo getini kwa kile kipimo chetu au mlichukua namba iliyokuja na karatasi ya mzigo kutoka chama? Bambo lilichomwa gunia ngapi kwa kila lori, na zile za chini katikati mlizifikia au za juu tu kwa sababu ya haraka? Halafu kipimo chenyewe kikoje siku hizi, maana msimu uliopita betri ikiwa inaisha kilikuwa kinaganda kwenye namba moja mpaka ukizime uwashe tena. Kama kimerudia niambie tu, tutafute kingine leo leo.

Nisikufiche kwa nini nimeikazania hii. Gunia la kilo 80 tukilipokea kwa unyevu 9 kumbe ni 11, likishakauka ndani linabaki na kilo 78 na kidogo, yaani karibu kilo moja na robo tatu imeondoka hewani, na stakabadhi ya mkulima inasema 80. Mnunuzi akija kupima mzigo wake upungufu ule unaangukia ghala, na pale wa kwanza kuitwa ni mwenye sahihi kwenye ripoti. Sahihi ni yako, na mi sitaki siku hiyo ikukute huna karatasi ya kuonyesha.

La pili dogo, hili nadhani nimeshaliona lenyewe. Jumla ya kilo kwenye ripoti ni 386,240 na daftari la ghala linasema 407,600. Nilipobonyeza ile seli ya jumla nikakuta hivi:

```
=SUM(F5:F18)
```

Mzigo unaishia mstari wa 20, kwa hiyo vile vyama viwili vya mwisho, 9,840 na 11,520, havijaingia, na ukiviongeza inakuja sawasawa na daftari, gunia 5,095. Nahisi viliongezwa baada ya jumla kuwekwa, hiyo inamtokea yeyote. Rekebisha iwe F20 tu, ila nikumbushe hao wawili waliingia siku gani, ni Jumamosi ileile au ni wale waliolala nje na lori mpaka Jumapili?

Huna haja ya kuniandikia barua rasmi, nitumie tu picha za kurasa za daftari la getini za siku hizo hata kama mwandiko ni wa haraka haraka, au nipigie baada ya saa kumi wakimaliza kushusha uniambie hatua kwa hatua mlivyofanya, nani alichoma bambo nani aliandika. Na kama kuna siku mlizidiwa na malori mkakadiria, niambie hivyohivyo ilivyokuwa, nitaandika kwenye ripoti kwamba namba ni za makadirio na tutapima upya, mzigo bado upo ndani na bado haujaingia mnadani. Kesho asubuhi naweza kuja na kijana mmoja tuwasaidie kupima hivyo vyama nane, ukiona inafaa.

Hii meseji nimekuandikia wewe peke yako, sijamweka mtu mwingine. Nikiipata kabla ya kesho saa sita mchana itanitosha. Wasalimie hapo, na yule mzee wa mizani mwambie dawa yake ya mgongo ninayo, nakuja nayo.